Uzi Kwanza, Sabuni Baadaye

Sweta la sufu likilowekwa usiku kucha kwenye sabuni ya unga, kisha likafikichwa asubuhi, halirudi lilivyokuwa. Hutoka beseni limekaza, mikono imepungua, na likivaliwa linawasha. Shati jeupe la pamba lililolala kwenye beseni hilohilo hutoka limetakata. Maji ni yale yale na sabuni ni ile ile, kwa hiyo kosa si la sabuni. Ni nguo mbili zilizofumwa kwa nyuzi zenye asili tofauti.

Pamba hutoka kwenye mmea. Sufu hutoka kwenye manyoya ya kondoo, na hariri hutoka kwa kiwavi, kwa hiyo zote mbili ni protini, kama nywele zetu. Poliesta hutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Ukizijua jamaa hizi tatu, karibu maswali yote ya sabuni hujijibu.

Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, kisha uuwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini la kijivu. Sufu na hariri huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, na mabaki yake husagika kwa vidole yakipoa. Poliesta huyeyuka na kuacha kipunje kigumu kisichosagika. Shati za sare za shule nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, kwa hiyo usishangae uzi wake ukiwaka kama karatasi na bado ukaacha vipunje vigumu.

Sasa tuje kwenye sabuni. Wataalamu hupima ukali wa magadi kwa kipimo ambacho maji safi huwa kwenye 7, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ukali unavyoongezeka. Sabuni ya unga ikiyeyuka kwenye maji kwa kawaida hufika 10 au 11. Ukali huo huwekwa kwa makusudi, kwa majivu ya soda, dawa ileile inayopatikana kwa kusafisha magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya. Ndio unaolegeza tope na jasho na kuyafanya yaachane na uzi. Pamba huuvumilia bila shida, na ndiyo maana shuka, taulo, kanga na soksi za watoto waliocheza kwenye udongo hufuliwa vizuri zaidi kwa unga. Protini haivumilii. Magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele wa sufu hufunguka yakikutana na ukali huo, na ukifikicha yanashikana kabisa. Hapo ndipo sweta hupungua, na hakuna pasi wala kuvuta kutakakolirudisha. Hariri nayo hupoteza mng'ao na kuwa kama kitambaa cha kawaida kilichochoka.

Unga una jambo jingine ambalo halionekani. Nyingi huwa na vimeng'enya, vitu vinavyokula protini, na hivyo ndivyo vinavyoondoa damu, maziwa na yai kwenye nguo ya pamba. Havitofautishi doa la yai na uzi wa hariri. Kwa damu kwenye shuka, loweka kwanza kwenye maji ya baridi yenye unga kwa nusu saa. Maji ya moto huikausha damu ndani ya uzi, na ukiyamwaga mwanzoni doa hilo litakaa.

Sabuni ya maji haina ukali huo. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya sufu na hariri huwa karibu na 7, na kwa kawaida hazina vimeng'enya vya kula protini, ila soma pakiti, kwa sababu sabuni ya maji ya kufulia nguo za kila siku inaweza kuwa navyo. Usipoipata ya sufu, shampuu ya kawaida ya nywele hufaa, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya protini ya aina hiyohiyo. Kwa sweta moja, weka kijiko kimoja cha chakula kwenye beseni la lita 10 za maji ya uvuguvugu, koroga mpaka iyeyuke, ndipo uzamishe nguo. Iache kwa dakika 10, ibonyezebonyeze kwa viganja bila kuifikicha, kisha suuza kwa maji ya joto lilelile, kwa sababu kubadilisha joto ghafla huishtua sufu. Usikamue kwa kuzungusha. Ifungie ndani ya taulo kavu, ibane, kisha itandaze kivulini. Ukiitundika, uzito wa maji utairefusha.

Sabuni ya maji pia ndiyo inayofaa buibui jeusi la poliesta. Uzi huo hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo mafuta ya chakula na ya mwili hukaa juu yake kwa ukaidi. Doa la mafuta lipake sabuni ya maji moja kwa moja, subiri robo saa, kisha fua kama kawaida. Unga ungeweza kuosha buibui hilo, ila ukiutia kwenye maji baridi bila kuuyeyusha, vipunje vyake hubaki kwenye mishono na kukauka kuwa michirizi meupe. Pia nyingi za unga huwa na kemikali ya kung'arisha inayofanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi kwenye mwanga wa jua. Kwenye nguo ya krimu au ya kaki, kemikali hiyo hubadilisha rangi polepole, tena kwa mabaka, hasa pale unga ulipomwagwa moja kwa moja juu ya nguo.

Na sabuni ya mche? Ina nafasi yake, na ni nafasi ambayo nyingine hazichukui: kola na mikono ya shati. Lowesha, paka mche sehemu hiyo pekee, fikicha kwa brashi laini, kisha lifue shati zima kwa unga. Hapo mafuta ya shingo hutoka bila kupoteza sabuni kwenye sehemu safi. Ila mche pia una ukali, kati ya 9 na 10, na unahitaji kufikichwa, kwa hiyo kwa sufu ni adui mara mbili.

Adui wa mche wenyewe ni maji magumu, hasa ya visima na ya maeneo ya mwambao. Sabuni hiyo ikikutana na kalisi iliyomo huganda na kuwa utando mweupe unaonata kwenye nguo. Taulo hukauka ngumu, na nyeupe hugeuka kijivu mwaka hadi mwaka, watu wakidhani imechakaa. Kata kipande cha mche chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kitie kwenye chupa yenye maji yako nusu, utikise. Povu likisimama, maji ni laini. Ukiona mabonge meupe na maji yenye ukungu, maji ni magumu, na hapo fua kwa unga au kwa sabuni ya maji, kwa sababu hizo hazigandi hivyo. Mche wa mafuta ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, lakini kalisi huigandisha nayo.

Taulo zilizokwisha kuganda hulainika zikisuuzwa mara ya mwisho kwa maji yenye siki, nusu kikombe kwa ndoo moja. Siki hiyohiyo, vijiko viwili kwa beseni, huondoa mabaki ya ukali kwenye sufu. Ila usiitie kamwe kwenye maji yenye dawa ya kung'arisha ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Na dawa hiyo, hata bila siki, isiguse sufu wala hariri. Kwanza nguo hugeuka manjano, kisha uzi wenyewe huanza kuyeyuka.