Barua ya mwaliko wa Kanada: mwandalizi hakujui, mwandikie kila kitu

Ukikubaliwa kwenye mkutano wa ng'ambo, sherehe huanza mapema mno. Unaweka ile imeili ya hongera kwenye stetasi, mamako anampigia shangazi wa Runyenjes, na kufikia jioni nusu ya mtaa inajua unaenda Kanada. Tulia kwanza. Hiyo imeili inasema tu kuwa mada yako imependeza. Afisa wa viza anataka karatasi nyingine kabisa, yaani barua ya mwaliko, na barua hiyo utaiomba wewe mwenyewe.

Kama unadhani nakutisha, kumbuka mkutano wa kimataifa wa UKIMWI, AIDS 2022, uliofanyika Montreal kuanzia Julai 29 hadi Agosti 2 mwaka huo. Wajumbe wengi kutoka Afrika, wakiwemo watu waliotarajiwa kuzungumza jukwaani, walinyimwa viza au wakangoja jibu hadi mkutano ukaisha. Winnie Byanyima wa Uganda, mkuu wa UNAIDS, alisimulia jinsi alivyokaribia kuzuiwa kupanda ndege pale Geneva akielekea huko huko. Huyo ni bosi wa shirika la Umoja wa Mataifa. Sasa wewe na mimi, vijana wa Makutano na Majimbo, tujipange.

Nimechagua Kanada kwa sababu idara yao ya uhamiaji, IRCC, imeandika wazi mambo ambayo barua ya mwaliko inafaa kuwa nayo. Hakuna kukisia. Pia wanasema wazi kwamba barua nzuri haikuhakikishii viza, na hapo ni kweli tupu. Sheria yao inamtaka afisa aridhike kuwa utaondoka muda wako ukiisha, na barua nyingi za kukataliwa hutaja kifungu hicho, R179(b). Chini yake huandikwa sababu, kwa mfano kusudi la safari au hali yako ya kifedha. Barua ya mwaliko inaweza kukusaidia kwenye kusudi la safari. Kwenye pesa haikusaidii, isipokuwa kama wao ndio wanalipa na wameandika hivyo.

Shida ni kwamba mwandalizi hakujui. Anaandikia watu mia kadhaa, ana jina ulilojisajili nalo na imeili yako, basi. Usipompa maelezo, atakutumia barua ile ya jumla: "Tunafurahi kumwalika fulani kwenye mkutano wetu." Afisa akiisoma hajui huyo fulani ni nani, atalala wapi, nani analipa, wala atarudi lini.

Kuna dada mmoja wa Meru, mhamasishaji wa afya ya vijana, aliyepata barua ya aina hiyo kutoka kwa mkutano fulani wa Toronto. Ilikuwa mistari minne. Jina lilikuwa la Kizungu na la ukoo tu, kama alivyojisajili, ilhali paspoti yake ina majina matatu. Namba ya paspoti haikuwepo. Tarehe zilikuwa za mkutano pekee, siku nne, ilhali yeye alikuwa amepanga siku saba kwa sababu ya warsha ya kabla ya mkutano. Halafu lile jambo kubwa: waandalizi walikuwa wamemwahidi kulipia tiketi na hoteli, lakini barua haikusema neno juu ya pesa. Hebu jiweke kwenye kiti cha afisa. Mbele yako kuna kijana ambaye M-Pesa yake inaonyesha elfu arobaini, anataka kukaa hoteli ya Toronto wiki nzima, na hakuna aliyejitokeza kumlipia. Wewe ungeamini?

Tuliketi kwenye kibanda cha chai tukaandika ombi upya. Utaliandika kwa Kiingereza, lakini nakuwekea hapa kwa Kiswahili ili uone kila mstari unafanya kazi gani:

"Habari. Mada yangu imekubaliwa kwenye mkutano wenu (namba ya usajili ni hii). Mimi ni raia wa Kenya na nahitaji viza. Naomba barua ya mwaliko kwenye karatasi rasmi yenye anwani, simu na tovuti yenu, ikitaja yafuatayo. Majina yangu kamili kama yalivyo kwenye paspoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya paspoti, anwani na simu yangu. Kazi yangu na kikundi ninachowakilisha. Kwamba nitawasilisha mada, na kichwa chake. Jina la mkutano, mahali, na tarehe za mkutano na za warsha. Tarehe nitakayofika na tarehe nitakayoondoka Kanada. Hoteli nitakayolala. Gharama ambazo mtalipia na zile nitakazojilipia. Maelezo mafupi ya shirika lenu. Jina, cheo na sahihi ya anayeandika. Na ikiwa mkutano umesajiliwa IRCC, naomba namba maalumu ya tukio iwemo. Maelezo yangu yako hapa chini. Nitawasilisha ombi la viza tarehe hii, kwa hivyo nitashukuru nikiipata kabla ya tarehe hii."

Halafu chini yake akajaza kila kitu, kimoja kwa kila mstari, ili yule mtu wa Toronto anakili tu. Usimwambie "naomba barua yenye maelezo yote". Hajui "yote" ni nini, na pia ana mia mbili wengine wanaomngoja.

Hiyo namba maalumu ya tukio wengi hawaijui kabisa. Waandalizi wa mikutano mikubwa wanaweza kuisajili shughuli yao IRCC mapema, wakapewa namba. Wewe unaiandika kwenye ombi lako la viza, na maafisa wanajua mkutano huo upo kweli. Haikupi upendeleo wa kupita moja kwa moja, lakini inaondoa swali moja. Kama mwandalizi hajasajili, ombi lako linaweza kuwa ndilo linalomkumbusha.

Turudi kwa majina, kwa sababu sisi watu wa mlima tuna kesi yetu. Chukua jina kama M'Ikiara. Kwenye ukurasa wa picha wa paspoti, ile mistari miwili ya chini iliyojaa alama za << haiandiki ritifaa, kwa hivyo pale chini litasomeka MIKIARA. Si kosa, ndivyo mashine za dunia nzima zinavyosoma. Ukituma jina kwa mwandalizi, nakili sehemu ya juu palipoandikwa jina la ukoo na majina mengine, kwa mpangilio ule ule, na uweke namba ya paspoti kando yake. Namba ndiyo inayofunga mjadala jina likiwa limeandikwa kwa njia mbili. Na uikague hiyo namba vizuri, maana sifuri hugeuka O kwa urahisi.

Bila shaka hiyo inamaanisha uwe na paspoti kwanza. Usiombe barua kwa namba ya kitambulisho ukisema utabadilisha baadaye, kwa sababu utamrudia mwandalizi mara ya pili, na mara ya pili jibu huchelewa. Ombi la paspoti linafanywa kwenye eCitizen, na watu wengi wa upande wetu huteremka hadi ofisi ya uhamiaji ya Embu kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Hesabu wiki hizo. Kisha hesabu safari nyingine, ya Nairobi, ambako utatoa alama za vidole tena, safari hii kwa ajili ya viza yenyewe. Kutoka Meru hiyo ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu.

Sasa kuna ule mstari wa kazi na shirika. Mimi niliacha chuo, sina kitambulisho cha mwanafunzi wala barua ya mwajiri, na najua wasomaji wengi hapa wako hivyo hivyo. Mstari huo usiuache wazi, na usiujaze uongo. Kama unafanya kazi na kikundi kilichosajiliwa cha vijana, andika jina la kikundi na jukumu lako ndani yake. Kama unajifanyia kazi na umesajili jina la biashara kwenye eCitizen, andika hilo jina. Kama ni frilansa tu, andika "mbunifu wa tovuti anayejitegemea, Embu" na uambatanishe kwenye ombi la viza mikataba na taarifa ya M-Pesa, ile rasmi unayoiomba kwa *334#. Cha muhimu ni kwamba kile kilichoandikwa kwenye barua kifanane na kile ulichojaza kwenye fomu. Barua ikisema wewe ni mratibu, na fomu ikisema huna kazi, hapo umejichongea.

Halafu pesa. Mwandalizi akilipia kiasi tu, omba aandike hicho kiasi bila kuzungusha: tiketi ya ndege na malazi ya siku sita, kwa mfano, na chakula unajilipia. Kuna wanaoandika "tutamsaidia", na neno hilo halina uzito wowote, kwa hivyo mrudie kwa heshima umwombe ataje vitu. Kama hawalipi chochote, ni afadhali barua iseme hivyo wazi, kisha wewe uonyeshe pesa zako au za anayekudhamini.

Tahadhari moja kabla hujatuma namba ya paspoti popote. Kuna mikutano hewa inayowinda vijana kwa mialiko ambayo hawakuomba, halafu wanadai pesa za "kushughulikia viza". Waandalizi wengi wa kweli hutoa barua baada ya mada yako kukubaliwa au baada ya kujisajili, na viza unaiomba mwenyewe. Angalia kama imeili inatoka kwenye anwani ya tovuti ya mkutano. Piga simu ya ukumbi au hoteli wanayotaja, uulize kama shughuli hiyo ipo.

Yule dada alipata barua mpya baada ya siku tisa. Ilikuwa ukurasa mmoja mzima, yenye majina yote matatu, lakini tarehe ya kuondoka ilikuwa ya siku moja kabla ya ile aliyojaza kwenye fomu. Akaomba irekebishwe siku hiyo hiyo, ikarudi asubuhi yake, kwa sababu lilikuwa jambo la kubadilisha tarakimu moja tu. Kwa hivyo barua ikifika, usiipakie kwanza. Fungua paspoti, fomu na barua kando kwa kando, uzisome neno kwa neno, ikiwezekana rafiki yako akisoma kwa sauti. Ukipata viza, chapisha nakala mbili na ubebe moja kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye sanduku, maana afisa wa uwanja wa ndege kule Kanada naye ana haki ya kukuuliza umekuja kufanya nini, na sanduku wakati huo bado halijakufikia.