Kunakili sehemu ya minitsi za kikundi

Kikundi kikibadilisha watu wa kutia sahihi kwenye akaunti, benki hutaka kuona kwamba mkutano ulikubali. Lakini minitsi za siku hiyo huenda ni kurasa saba, na humo mna deni la fulani na matatizo ya nyumba ya fulani. Hayo benki haina haja nayo. Basi katibu hunakili sehemu moja tu, na sehemu hiyo huitwa dondoo.

Tuseme minitsi ya 5 yasema hivi:

"Mkutano ulikubaliana mweka hazina mpya aanze kutia sahihi. Kila malipo yatiwe sahihi na watu wawili. Isipokuwa pesa zikizidi shilingi 20,000, mkutano ukubali kwanza."

Katibu mwenye haraka atanakili sentensi ya kwanza na kufunga kalamu. Hajaandika uongo hata neno moja, lakini anayesoma ataona kama mweka hazina aweza kutoa pesa peke yake. Kwa hiyo nakili minitsi yote, tangu namba yake mpaka namba inayofuata. Palipo na "lakini", "isipokuwa" au "iwapo", usikate hapo kabisa. Ikiwa kuna sentensi isiyohusu jambo hilo na umeiacha, weka nukta tatu mahali pake ili msomaji ajue kuna kitu kimerukwa.

Juu ya karatasi andika asili yake, kwa mfano:

"DONDOO kutoka minitsi za mkutano wa kikundi, tarehe 9 Machi 2024. Minitsi ya 5, kitabu cha pili, ukurasa wa 41."

Jina la kikundi na mahali pa mkutano pia yawepo. Ukurasa usiusahau, maana mwanachama mwenye shaka atataka kufungua kitabu aone mwenyewe, na bila ukurasa atapekua mpaka jioni.

Kisha fungua alama za mtajo, nakili, ufunge, na chini yake uandike "Mwisho wa dondoo". Nafasi tupu ikibaki, ipige mstari, mtu asije akaongeza lake. Ukitaka kueleza neno, maelezo yako yatie ndani ya mabano ya mraba: "mweka hazina mpya [aliyechaguliwa Februari]". Na kama kitabuni pameandikwa "shilingi 20,00", usisahihishe. Nakili vivyo hivyo, halafu uandike [ndivyo ilivyo kitabuni]. Kosa la kitabu hurekebishwa na mkutano, si na katibu akiwa peke yake mezani.

Kama minitsi hizo bado hazijasomwa na kuthibitishwa katika mkutano uliofuata, sema hivyo waziwazi kwenye karatasi, au ungojeni mkutano.

Kabla ya sahihi, mmoja asome kitabu kwa sauti, polepole, namba na nukta zote, mwingine afuate kwenye dondoo kwa kidole. Ndipo mwenyekiti na katibu waandike kwamba maneno ni yale yale ya kitabuni, watie sahihi, tarehe ya kunakili, na muhuri wa kikundi ikiwa upo.