Waridi Hili Limekatwa Lini?

"Haya yameingia leo asubuhi, dada." Muuzaji wa maua anayesema hivyo anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado mawaridi yaliyo mkononi mwake yakawa yamekatwa wiki nzima iliyopita. Waridi la Naivasha halitoki shambani likaingia sokoni moja kwa moja. Likishakatwa hutiwa majini, hupelekwa chumba baridi, hupangwa kwa urefu wa shina na kufungwa. Maua bora hupanda ndege kwenda kwenye mnada wa Aalsmeer huko Uholanzi na masoko mengine ya nje. Yaliyobaki, mara nyingi yale yenye shina fupi au petali zilizokwaruzika, ndiyo yanayouzwa humu nchini. Siku ya kuingia sokoni na siku ya kukatwa ni mbili tofauti, na anayenunua huhitaji kuijua hiyo ya pili.

Hata hiyo ya pili haitoshi peke yake, kwa sababu ua huzeeka kwa joto zaidi kuliko kwa kalenda. Waridi lililokatwa linaendelea kupumua, likila sukari iliyobaki ndani yake, na kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili au hata zaidi. Siku tano kwenye nyuzi 2 zinaweza kulichosha ua kidogo kuliko siku moja ya ndoo kando ya barabara mchana wa jua. Kwa hiyo swali la "limekatwa lini" maana yake hasa ni "limebakiwa na nguvu kiasi gani", na jibu lake limeandikwa pahali patatu: ukingoni mwa petali, kwenye kitako cha shina, na kwenye majani. Mawili ya mwanzo yanaweza kurekebishwa na mikono ya binadamu. Ndiyo maana hayafai kusomwa moja moja. Unachotafuta ni kama yote matatu yanasimulia habari moja.

Tuanze na petali, maana ndizo zinazotudanganya zaidi. Wanunuzi wengi wakiona petali za nje zina michirizi ya kijani, zimekunjamana kidogo au zina mkwaruzo, huliweka ua chini. Wanakosea. Petali mbili tatu za nje kabisa ni walinzi wa ua. Zilikua zikipigwa na jua, baridi na miiba ya jirani, kwa hiyo huwa nene, zenye rangi isiyo sawa na ukingo mgumu. Shambani huachwa makusudi ili zilinde zile za ndani safarini. Waridi lenye petali hizo bado halijaguswa, na mimi nikiziona hufurahi.

Dalili ya uzee ni nyingine. Tazama ukingo wa petali inayofuata, ile ya pili au ya tatu kutoka nje. Ikiwa mbichi, ukingo una rangi ileile ya petali nzima na unasimama wenyewe. Ikianza kuchoka, ukingo hulegea kama karatasi iliyoloa, kisha hupitisha mwanga, na mwisho hukauka na kuwa hudhurungi. Kwenye waridi jekundu kuna ishara inayotangulia haya yote: wekundu huanza kuelekea zambarau. Sukari ikiisha, ua huanza kuvunja protini zake lenyewe, tindikali iliyo ndani ya petali hupungua, na rangi nyekundu hugeuka ubuluu. Ukiona ukingo wa buluu kwenye jekundu, hesabu siku mbili au tatu tu, hata kama kichwa bado kinapendeza.

Halafu kuna vidoadoa vidogo vya hudhurungi, mfano wa mchomo wa sindano, vilivyotawanyika juu ya petali. Hivyo havitokani na uzee. Ni ukungu wa kijivu, ambao mbegu zake huhitaji unyevu juu ya petali kwa saa kadhaa ili zichipue. Maua yakitolewa chumba baridi na kuingizwa mahali pa joto yakiwa ndani ya karatasi ya plastiki, umande hushika juu yake, na ukungu hupata maji unayoyataka. Doa moja leo ni mabaka kesho kutwa. Fumbua petali polepole utazame hata chini zinakoungana na kikombe cha ua, kwa sababu huko ndiko ukungu hupenda kujificha, na huko ndiko unapoweza kuliangusha ua zima. Fungu lenye vidoa hivyo liache, hata ukipunguziwa bei.

Sasa, muuzaji anajua kwamba petali zilizochoka zinafukuza wateja, kwa hiyo huzing'oa. Kung'oa mbili tatu ni kazi ya kawaida ya kila mpanga maua, wala si kosa. Zinapong'olewa sita au saba, ua la zamani huonekana jipya. Alama yake haifutiki: angalia juu kidogo ya vile vijani vya kijani vinavyoshika kichwa. Kila petali iliyoondolewa huacha kovu dogo, na zikiwa nyingi huacha nafasi tupu kati ya vijani hivyo na petali zilizobaki, kichwa kikawa chembamba kuliko kikombe chake. Baada ya kutazama, kibane kichwa kwa upole kati ya kidole gumba na vidole viwili, palepale juu ya vijani. Kichwa kigumu kina siku mbele yake. Kichwa kinachobonyea kimeishiwa, hata kiwe kisafi namna gani.

Kitako cha shina ni mlango wa maji. Ndani ya shina kuna mirija myembamba inayovuta maji kutoka kwenye chombo hadi kichwani. Shina lililokatwa karibuni lina uso wa kijani kibichi unaoelekea weupe, mbichi na mgumu. Likikaa majini siku kadhaa, uso huwa hudhurungi, kisha mweusi, na ukiugusa unateleza. Utelezi huo ni bakteria, na bakteria ndio wanaoziba mirija. Ua linaweza kuwa na chombo kimejaa maji na likafa kwa kiu, kwa sababu mlango umefungwa. Hapo ndipo shingo huinama: kichwa kinaanguka upande, petali zikiwa bado hazijafunguka, kwa kuwa sehemu ya shina iliyo chini tu ya kichwa ni laini na ndiyo ya kwanza kukosa maji.

Kitako nacho huweza kufanywa upya kwa kisu. Sentimita mbili zikikatwa, uso unarudi kuwa mweupe. Kwa hiyo usiishie kwenye uso, panda juu kidogo. Shina lililozama siku nyingi huacha mstari kama wa maji ya mafuriko ukutani: chini ya mstari gamba limebadilika rangi, limelainika au kukunjamana, na miiba imekuwa myeusi. Uso mweupe juu ya gamba jeusi maana yake kisu kimepita leo, lakini shina lina siku nyingi. Nusa pia ndoo. Maji yenye harufu yanaeleza hali ya kila shina lililomo.

Majani ndiyo ninayoyaamini zaidi, kwa sababu hayawezi kurekebishwa, yanaweza tu kuondolewa. Ni kawaida kuondoa majani ya theluthi ya chini, yasioze majini. Shina lililochunwa mpaka karibu na kichwa linanitia shaka, kwani majani ya chini ndiyo huwa manjano kwanza ua likikaa gizani muda mrefu. Jani zuri limetandazika, linang'aa, na ukilikunja linarudi. Jani la manjano, au linalodondoka ukiligusa tu, ni la ua lililozeeka. Jani jeusi na laini lilifungiwa unyevu ndani ya plastiki. Lakini jani la kijani lililolegea, tena chini ya ua lenye kichwa kigumu, huenda lina kiu tu, na kiu inatibika. Tofauti ya kiu na uzee ndiyo inayookoa pesa nyingi, na wengi huipita.

Chukua mfano huu. Ni Alhamisi alasiri, harusi ni Jumamosi, na mbele yako kuna mafungu mawili ya mawaridi mekundu, ishirini ishirini. La kwanza linaonekana baya: petali za nje zina michirizi ya kijani, majani yamelegea, vitako vimekauka na kuwa hudhurungi kidogo kwa kuwa limekaa nje ya maji. Ukivibana vichwa, ni vigumu. Gamba la shina ni la kijani mpaka mwisho, na majani yapo, hakuna la manjano. La pili linang'aa, petali safi, vitako vyeupe. Ila vichwa vinabonyea, juu ya vijani kuna makovu, gamba limekuwa jeusi kama sentimita kumi kutoka chini, na majani yamebaki mawili matatu juu.

Nunua la kwanza. Nyumbani kata sentimita tatu kwa kisu kikali, kwa mshazari, toa majani yatakayozama, kisha simamisha mashina kwenye maji mengi safi, vichwa vikiwa vimefungwa kwa gazeti yasimame wima, mahali penye ubaridi na kivuli. Baada ya saa chache majani yatakuwa yamekaza. Jumamosi yatakuwa yamefunguka vizuri, na kwenye hali ya hewa ya Nairobi yanaweza kumaliza wiki. Mombasa au Dar es Salaam, punguza siku hizo kwa sababu ya joto. Fungu la pili huenda likafika Jumamosi asubuhi, lakini nisingeliweka mezani kwa bibi harusi, maana shingo zake zinaweza kuanguka kabla ya keki kukatwa.

Kuna hali ambayo macho hayawezi kuisoma. Waridi lililohifadhiwa wiki nyingi kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0, kama linavyofanyiwa linaposafirishwa kwa meli kutoka Mombasa kwenda Ulaya, linaweza kuwa na petali, kitako na majani mazuri, kisha likifika kwenye joto likakataa kufunguka au likajaa ukungu ndani ya siku mbili. Kwa oda kubwa, basi, omba mashina mawili siku mbili kabla ya kulipa. Yakate, yatie majini, yaweke kwenye chumba chenye joto la kawaida cha nyumba yako, si kwenye jokofu. Yakifunguka sawasawa, chukua fungu lote. Yakibaki yamefumba, au madoa yakitokea, mwambie muuzaji ulichokiona na uombe maua ya mavuno mengine.