Mwenendo Mmoja au Wastani wa Mienendo Mingi? Maana Mbili za Usahihi

Chukua hisa inayouzwa leo kwa shilingi 100. Tuseme kwa mwaka mmoja bei yake inavutwa juu kwa asilimia 10, na papo hapo inatikiswa na habari, hofu na tamaa za wanunuzi kwa kiasi cha asilimia 40. Hesabu inayounganisha mvuto wa taratibu na mtikisiko wa nasibu huitwa mlinganyo tofautishi wenye nasibu. Mjapani Kiyosi Itô aliiwekea msingi katika miaka ya 1940, na mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes waliitumia kukadiria thamani ya mikataba inayotegemea bei za hisa.

Milinganyo mingi ya jamii hii haina jibu linaloandikika kwa fomula. Kompyuta hulazimika kuugawa mwaka katika hatua fupi zenye urefu h, kisha kusonga hatua baada ya hatua. Mbinu nyepesi kuliko zote ina jina la Euler na la Gisiro Maruyama, aliyeichunguza kwa milinganyo yenye nasibu mwaka 1955. Kwa hisa yetu, hatua moja huandikwa hivi:

```
X_mpya = X + 0.1*X*h + 0.4*X*dW
```

Hapa X ni bei ya sasa, na dW ni namba ya nasibu ambayo wastani wake ni sifuri na mtawanyiko wake ni kipeuo cha pili cha h. Hatua zikifupishwa, jibu hukaribia ukweli. Lakini lipi tunaloliita ukweli? Maswali ni mawili, na mbinu hiyohiyo huyajibu kwa kasi mbili tofauti.

Swali la kwanza linahusu mwenendo mmoja. Ikiwa mitikisiko ya mwaka mzima tayari imepangwa, je, bei iliyokokotolewa iko mbali kiasi gani na bei ambayo mitikisiko hiyohiyo ingeizaa kweli? Huo ni ukaribiano imara. Swali la pili halijali mwenendo wowote peke yake. Linauliza kama wastani wa mienendo yote iliyokokotolewa unalingana na wastani wa kweli. Huo ni ukaribiano dhaifu.

Mlinganyo wa hisa yetu una jibu kamili, kwa hiyo makosa yote mawili yanaweza kukokotolewa bila kubahatisha. Tuanze na wastani. Wastani wa kweli mwisho wa mwaka ni shilingi 110.517. Kwa hatua nne, mbinu inakosea kwa shilingi 0.136. Kwa hatua 16 kosa ni 0.034, na kwa hatua 64 ni 0.009. Kila tunapoigawa hatua kwa nne, kosa nalo linagawanyika kwa nne. Kosa likipungua sawia na h yenyewe, tunasema ukaribiano ni wa daraja la 1.

Sasa tufuate mwenendo mmoja mmoja, tukipima kosa kwa kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya makosa. Kwa hatua nne ni shilingi 6.80, kwa hatua 16 ni 3.39, na kwa hatua 64 ni 1.69. Tumeigawa hatua kwa nne, kosa limegawanyika kwa mbili tu. Linapungua sawia na kipeuo cha pili cha h, na daraja lake ni nusu.

Tofauti hii inazaliwa ndani ya hatua moja. Mbinu inaishikilia bei ya mwanzo wa hatua hadi hatua iishe. Bei ikipanda katikati, mtikisiko unaofuata ulipaswa kuzidishwa kwa bei mpya, lakini unazidishwa kwa ile ya zamani. Sehemu kubwa ya kinachoachwa nje ni `0.08*X*(dW*dW - h)`. Ukubwa wake unalingana na h, na wastani wake ni sifuri, kwa sababu wastani wa mraba wa dW ni h hasa.

Tuchukue hatua 16, kila moja ikiacha kosa lenye ukubwa wa takriban 1/16. Makosa hayo yangeelekea upande mmoja, jumla yake ingefika 1. Lakini mengine yanaongeza na mengine yanapunguza, kwa hiyo yanafutana kwa sehemu, na jumla hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: 4 mara 1/16, yaani 1/4. Hicho ndicho kipeuo cha pili cha 1/16. Kwenye wastani wa mienendo yote, kosa hilo la nasibu linafutika kabisa. Linabaki kosa dogo zaidi, lenye ukubwa wa mraba wa h, ambalo daima huelekea upande uleule: 16 mara 1/256 ni 1/16, yaani h.

Mwaka 1974 Grigori Milstein alirudisha kipande kile kilichoachwa nje, na ukaribiano imara ukapanda hadi daraja la 1. Ule dhaifu ulibaki palepale. Na pale ambapo ukubwa wa mtikisiko hautegemei X, kipande hicho ni sifuri, hivyo hata mbinu ya Euler na Maruyama ina daraja imara la 1.

Ukaribiano dhaifu unaruhusu hata jambo linaloshangaza: dW inaweza kubadilishwa kwa kurusha sarafu, ikawa kipeuo cha pili cha h kwa kujumlisha au kwa kutoa. Mwenendo wowote utakaopatikana haufanani na wa kweli, lakini daraja dhaifu linabaki 1.

Wanaojaribu kuyaona madaraja haya kwenye kompyuta hukwama mahali pawili. Kwenye jaribio la ukaribiano imara, mtu huchota namba mpya za nasibu kila anapobadilisha urefu wa hatua, kisha anaona kosa halipungui. Amelinganisha mienendo miwili isiyo na uhusiano. Inampasa ajumlishe dW nne za hatua fupi, zimpatie dW moja ya hatua ndefu.

Kwenye jaribio la ukaribiano dhaifu, kizuizi ni idadi ya mienendo. Bei ya mwisho wa mwaka ina mtawanyiko wa shilingi 46 hivi. Wastani wa mienendo 10,000 huyumba kwa takriban shilingi 0.46, kiasi kinachofunika kabisa kosa la 0.136. Kuupunguza myumbo huo hadi shilingi 0.01 kunahitaji mienendo milioni 21 hivi.

Madaraja yenyewe yana masharti. Kama mvuto unakua haraka kuliko X, mfano ukiwa X mara tatu kwa yenyewe yenye alama ya kutoa, mtikisiko mkubwa mmoja unaweza kuifanya hatua iruke mbali, na hatua inayofuata iruke mbali zaidi. Mwaka 2011 Hutzenthaler, Jentzen na Kloeden walithibitisha kwamba katika hali hizo mbinu hii inaweza kushindwa kwa maana zote mbili. Dalili yake ni namba zinazolipuka ghafla katika mienendo michache.

Kwa hiyo swali huchaguliwa kwanza, hatua baadaye. Anayetaka bei ya mkataba anahitaji wastani, na usahihi wa mara kumi utamgharimu hatua mara kumi. Anayefuatilia mwenendo wenyewe atalipa hatua mara mia. Hata hivyo, mwaka 2008 Mike Giles alionyesha kwamba anayetafuta wastani naye hufaidika na ukaribiano imara. Mienendo ya hatua ndefu na ya hatua fupi ikiendeshwa na mitikisiko ileile, tofauti kati yake huwa ndogo, na mienendo michache ya gharama kubwa hutosha kusahihisha ile mingi ya bei nafuu.