Gauni la Portia kwa Kitambaa cha Pazia

Kikundi cha maigizo kikiamua kucheza *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1969, mashairi siyo kazi ngumu peke yake. Kuna suala la Portia. Huyu ni mrithi tajiri ambaye wachumba wanavuka bahari kumposa, na tamthilia iliandikwa karibu na mwaka 1596, wakati wanawake wenye mali wa Venisi walivaa mahameli na hariri iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Mhazini wa kikundi akisikia bei ya mita moja ya mahameli halisi ya hariri, kikao huvunjika hapo hapo.

Mafundi wa maleba wana jibu la zamani kwa tatizo hili: umbo kwanza, kitambaa baadaye. Mtazamaji wa mstari wa kumi hawezi kutofautisha hariri na poliesta. Anachokiona ni kiuno kimeishia wapi, mabega yana upana gani na sketi inaanza kupanuka kutoka wapi. Hivyo vitatu vikiwa sahihi, macho yake yatakubali mengi. Vikikosewa, hata dhahabu halisi haitaokoa kitu.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukodi gauni la harusi lenye pete za waya ndani ya sketi, kwa kuwa ni kubwa na linaonekana la kizamani. Lakini sketi ile ya mviringo mpana ni umbo la Ulaya ya miaka ya 1850 na 1860. Portia akiitokea nayo, amechelewa miaka zaidi ya 250.

Umbo sahihi linatafutwa kwenye picha za wakati ule, na kwa Venisi bahati ipo. Mwaka 1590 Cesare Vecellio alichapisha mjini humo kitabu kizima cha mavazi ya watu wa nchi mbalimbali, kikiwa na michoro iliyochongwa kwenye mbao, na michoro ya wanawake wa Venisi imo kwa wingi. Upo pia mchoro wa rangi wa Veronese unaojulikana kama *La Bella Nani*, uliopo makumbusho ya Louvre mjini Paris, wenye gauni la mahameli ya buluu linalovutia kila fundi. Tahadhari ni kwamba huo ulichorwa karibu na mwaka 1560. Katika miaka thelathini iliyofuata, ncha ya mbele ya bodisi ilishuka chini sana ya kiuno. Anayechanganya juu ya mwaka 1590 na chini ya mwaka 1560 anapata gauni ambalo halikuvaliwa na mtu yeyote. Ni lazima kuchagua mwaka mmoja na kuushikilia.

Baada ya kuchagua picha, fundi huifuata kingo zake kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, kisha hujaza wino mweusi ndani. Maua, lulu na mikunjo yote hupotea, kinabaki kivuli. Kivuli hicho hupimwa kwa kichwa cha aliyechorwa. Tuseme kutoka kidevuni hadi ncha ya bodisi ni vichwa viwili na nusu, na kichwa cha mwigizaji kina sentimita 22. Basi ncha yake itakuwa sentimita 55 chini ya kidevu. Wachoraji walipenda kurefusha watu, kwa hiyo kipimo hiki hujaribiwa kwenye mwili kwanza, kwa bodisi ya majaribio ya amerikani, kabla ya kugusa kitambaa chenyewe.

Sasa kazi inaingia ndani, pasipoonekana, na hapa ndipo pesa zinapostahili kwenda. Bodisi ya Portia inatakiwa kuwa bapa na ngumu mbele. Bitana yake hutengenezwa kwa tabaka mbili za drili ya pamba, zikashonwa mistari ya wima inayoacha vijia vyembamba, na ndani ya vijia hivyo hupenyezwa vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, vile virefu na vinene vinavyouzwa kwenye maduka ya umeme. Vichwa vyake hukatwa na ncha huyeyushwa kidogo kwa moto hadi ziwe butu. Fundi akiruka hatua hiyo, ncha zitatoboa drili na kumchoma mwigizaji mbavuni katikati ya onyesho. Bodisi haikazwi mpaka pumzi ikate. Kipimo cha haki ni mwigizaji kuivaa, kukaa kitini, na kusema hotuba yake ndefu kuliko zote bila kuhema.

Sketi nayo haihitaji waya. Kinachohitajika ni mto mwembamba wa mabaki ya vitambaa, uliofungwa kiunoni kupita nyongani na nyuma, na juu yake marinda mengi madogo yaliyosimama kama mirija. Marinda haya hushonwa kwa mkono: mistari miwili au mitatu ya nyuzi inayolingana kabisa, kisha nyuzi huvutwa na kitambaa kukusanyika. Kitambaa chembamba kikifanyiwa hivyo hulala na sketi kunywea. Dawa yake ni ukanda wa blanketi kuukuu, upana wa sentimita kumi hivi, unaowekwa ndani ya ukingo wa juu kabla ya kuvuta nyuzi.

Ndipo linapokuja suala la kitambaa cha juu, na jibu liko kwenye mapazia. Kitambaa cha pazia ni kizito, huanguka vizuri, na kingi huwa na maua makubwa yanayofumwa humo humo. Tena baadhi yake kina upana wa sentimita 280. Vipande viwili vya urefu wa sentimita 125, yaani mita mbili na nusu tu, vinatoa pindo lenye mzunguko wa zaidi ya mita tano. Mita moja zaidi inatosha bodisi na mikono. Kwenye mitumba, pazia zilizokwisha kutumika ni bora hata zaidi kwa sababu mng'ao wa dukani umeshafifia.

Mng'ao ndio adui. Atilasi ya poliesta chini ya taa za jukwaa humeta kama plastiki, na anayelazimika kuitumia aigeuze upande wa nyuma. Dhahabu hupakwa kwa rangi ya vitambaa kupitia plastiki iliyokatwa maua makubwa, kwa sababu maua madogo hupotea kabisa hatua ishirini kutoka jukwaani. Lulu ni shanga za plastiki. Shati la ndani, ambalo zamani lilikuwa la kitani, ni la amerikani iliyofuliwa kabla ya kukatwa ili isije ikaruka baadaye. Ndilo linalonyonya jasho na kufuliwa kila usiku, maana bodisi haifuliki.

Tamthilia yenyewe inaongeza sharti moja. Portia hujigeuza mwanasheria kijana, kisha hurudi kuwa mwanamke kabla ya mwisho. Kamba za mbele za bodisi zibaki pambo, na mlango wa kweli uwe zipu imara ya chuma ubavuni. Mikono ifungwe mabegani kwa kamba, kama ilivyokuwa kweli Venisi. Pindo liishe sentimita tatu juu ya sakafu, hata kama michoro inaonyesha nguo ikiburuzika. Vile viatu virefu vya mbao vya Kivenisi viachwe kitabuni; jukwaa lina ngazi.

Kabla ya kulipa fundi, mpige picha mwigizaji kwa simu akiwa amesimama mbele ya dirisha lenye mwanga, ili mwili wake uwe mweusi. Iweke picha hiyo kando ya kivuli cha wino. Zikitofautiana, rudi kwenye mto wa nyonga na ncha ya bodisi, usiongeze lulu.