Kanzu Nyeupe, Picha ya Rangi ya Chungwa

Usiku wa kuamkia harusi, mdogo wangu alivaa kanzu yake mpya sebuleni akaniomba nimpige picha. Kanzu ilikuwa nyeupe pe. Kwenye simu, bega la kulia lilitoka rangi ya chungwa, la kushoto buluu. Darini kulikuwa na balbu ya mwanga wa njano. Mezani, taa ya kusomea yenye balbu nyeupe.

Ukisoma boksi la balbu utaona namba kama 2700K au 6500K. Hiyo ndiyo rangi ya mwanga wake. Namba ikiwa ndogo, mwanga unakaribia ule wa mshumaa. Ikiwa kubwa, unaelekea buluu. Jua la mchana liko karibu na 5500K. Macho yetu huzoea upesi, ndiyo maana sote sebuleni tuliiona kanzu nyeupe. Kamera inahitaji kuambiwa weupe ni upi, na simu nyingi zina sehemu ya kuiambia, iliyoandikwa WB, ndani ya Pro.

Hapo wengi huchanganyikiwa. Namba unayoweka inaieleza kamera taa iliyopo, nayo huongeza rangi ya kinyume. Chini ya balbu ya 2700K, ukiweka 2700 kamera huongeza buluu na unjano unakwisha. Ukiweka 6500, kila kitu kinakuwa rangi ya chungwa.

Lakini kwa kanzu ile hakuna namba ambayo ingefaa. Niliporekebisha bega la kulia, la kushoto lilizidi ubuluu. Taa mbili za rangi tofauti haziponi kwa WB. Nikazima ya darini, nikaielekeza ya mezani kwenye ukuta mweupe ulio karibu naye, ili mwanga umrudie ukiwa laini, bila vivuli vikali usoni. Ukuta wa kijani ungemrudishia ukijani. Hapo ningetundika shuka jeupe. Kisha akashika karatasi nyeupe kifuani, nikasogeza WB mpaka karatasi ikakosa rangi yoyote, nikaiacha hapo. Ukiiacha AUTO, hubadilika kila unaposogea.

Yapo yasiyorekebishika hivyo. Balbu nyingine za bei ya chini zina upungufu wa mwekundu katika mwanga wake: karatasi inaonekana nyeupe, lakini ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Dawa yake ni kubadilisha balbu; tafuta iliyoandikwa CRI 90 au zaidi. Na ukiona mistari myeusi ikipita kwenye video, balbu inapepesa kwa kufuata umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo weka kasi ya shata 1/50 au 1/100.

Ukitaka taa ya pili, nenda dukani na boksi la ile ya kwanza, uchukue balbu yenye namba ileile.