Barua ya Kuacha Kazi Imeshapokelewa: Je, Inarudi?

Tuseme kuna mtunza stoo wa shule binafsi mjini Handeni. Amefanya kazi pale miaka tisa. Mwishoni mwa Mei anaahidiwa kwa mdomo nafasi ya stoo katika shamba la mkonge huko Korogwe, mwendo wa kilometa 65 tu kwa lami. Tarehe 2 Juni anampelekea mkuu wa shule barua ya kuacha kazi, ikigongwa mhuri wa "Imepokelewa". Tarehe 16 Juni anapigiwa simu kutoka Korogwe: nafasi ile haipo tena.

Swali la kwanza linalomjia ni kama barua yake inaweza kurudi. Wenzake watamwambia arudi stoo kimya kimya, kwa kuwa mkuu wa shule hajajibu, na barua isiyojibiwa ni kama haijakubaliwa. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kuacha kazi si ombi. Ni taarifa. Mfanyakazi akishamwarifu mwajiri kwa maandishi kwamba anaondoka, na barua ikafika, kitendo chake kimekamilika bila kuhitaji kibali cha mwajiri. Mwajiri hawezi kumzuia, na kwa sababu hiyo hiyo mfanyakazi naye hawezi kuifuta barua peke yake. Kimya cha mkuu wa shule hakimsaidii mtunza stoo wetu. Barua hurudi kwa njia moja tu: mwajiri akubali irudi.

Huenda msomaji akakumbuka jambo la Profesa Ibrahim Lipumba. Alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, na Juni 2016 akaandika barua ya kuondoa kujiuzulu kwake. Mvutano ulifika Mahakama Kuu, na Machi 2019 upande wake ukashinda. Ila hoja yao kubwa ilisimama juu ya katiba ya chama, iliyotaka kujiuzulu kwa kiongozi kukubaliwe na mamlaka iliyomchagua. Mikataba mingi ya ajira haina sharti kama hilo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, mtunza stoo asome mkataba wake na kanuni za utumishi za shule. Akikuta kifungu kinachosema kuacha kazi kutakamilika baada ya mwajiri kuridhia kwa maandishi, mambo yanabadilika kabisa kwa faida yake.

Asipokikuta, kilichobaki ni muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, akishavuka mwezi wa kwanza kazini. Tukihesabu kuanzia tarehe 3 Juni, siku yake ya mwisho ni tarehe 30. Mpaka siku hiyo bado ni mwajiriwa kamili: anadai mshahara, anawajibika kuripoti, na ombi lake linahusu mkataba ulio hai. Baada ya tarehe 30 hakuna tena cha kuondoa. Atakuwa anaomba kuajiriwa upya, na huko anaweza kukuta anaanza na muda wa majaribio kama mgeni.

Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Mwajiri akija kuvunja mkataba, kwa mfano kwa kupunguza wafanyakazi, sheria inampa mfanyakazi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Miaka tisa ni siku 63. Anayeacha kazi mwenyewe halipwi kiinua mgongo hicho. Kwa hiyo mtunza stoo hataki tu kurudi stoo. Anataka miaka yake tisa isikatike, na barua yake lazima iseme hivyo.

Kuna hatari mbili katika siku hizo 14 zilizobaki. Ya kwanza ni kususa. Asiporipoti kazini wakati wa notisi, mwajiri ana haki ya kukata fedha za siku hizo kwenye malipo yake ya mwisho, na atakuwa amejiharibia nafasi ya kusikilizwa. Ya pili ni mwajiri kumlipa notisi na kumruhusu aondoke mara moja. Akiambiwa hivyo asitie saini hati ya makabidhiano kabla hajawasilisha ombi lake, maana saini ile itasomwa kama uthibitisho kwamba mambo yameisha.

Mimi nashauri aende kwa mkuu wa shule ana kwa ana kabla ya karatasi, asubuhi, kabla ofisi haijajaa watu. "Shikamoo mwalimu. Nimekuja kuhusu barua yangu ya tarehe 2. Naomba kuiondoa, na nimekuja kukwambia mwenyewe kabla sijaileta kwa maandishi." Mkuu anaweza kujibu, "Nafasi yako nimeshaanza kuitafutia mtu." Jibu hilo ni la thamani, kwa sababu kuanza kutafuta si kuajiri. Amuulize kwa heshima kama kuna aliyekwishapewa barua ya ajira. Kama hayupo, sababu kubwa ya kumkatalia bado haijazaliwa.

Kisha barua iende siku hiyo hiyo, fupi:

"YAH: OMBI LA KUONDOA BARUA YA KUACHA KAZI

Rejea barua yangu ya tarehe 2 Juni. Naomba kuiondoa barua hiyo kabla notisi haijaisha tarehe 30 Juni, na kuendelea na kazi kwa mkataba uleule bila kukatika kwa utumishi wangu. Sababu iliyonifanya niandike haipo tena. Naendelea kuripoti kazini kama kawaida. Naomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 23 Juni."

Haina maelezo marefu ya ada za watoto wala lawama kwa watu wa Korogwe. Kilicho muhimu ni tarehe, neno "kuondoa" na maneno "bila kukatika". Apeleke nakala mbili, moja igongwe mhuri aondoke nayo. Akikubaliwa, "sawa, endelea" ya mdomo haitoshi: apate barua inayotaja kwamba ile ya tarehe 2 imeondolewa. Mkuu akihamishwa kesho, faili ndilo litakaloongea.

Mwajiri akikataa, kwa kawaida ana haki hiyo, na mtunza stoo hana pa kumshtaki kwa kukataa tu. Amalize notisi, adai mshahara, fedha za likizo asiyochukua na cheti cha utumishi.

Ni tofauti kabisa kama barua haikutoka moyoni mwake. Wako wanaoitwa ofisini na kuambiwa, "Andika unaacha kazi, la sivyo tunakufukuza," na wako ambao mazingira yao ya kazi yamefanywa yasivumilike. Sheria yetu inautambua huo kuwa uachishaji unaofanywa na mwajiri, ingawa karatasi inasema vingine. Mtu huyo asiandike barua ya kuomba radhi. Aandike mapema kwamba hakuacha kwa hiari, aeleze nani alimwambia nini na siku gani, na ataje waliokuwepo.

Na asingoje majibu ya mwajiri bila kikomo. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na mazungumzo ya ofisini hayasimamishi hesabu hiyo. Akichelewa itabidi aombe kuongezewa muda na kutoa sababu nzito. Fomu ni CMA F1. Mwajiri hupewa nakala kwanza, kisha fomu hupelekwa Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Kwa ajira iliyokoma tarehe 30 Juni, fomu iwe imefika kabla ya kumalizika tarehe 30 Julai.